Tupeane uzoefu: unamwambiaje mteja kwamba mzigo wake utachukua wiki tatu?

Dada wa Donholm
Hamjambo wote. Nauza vyombo vya kuokea kwa oda. Mteja analipa, naagiza Uchina, mzigo ukitua Nairobi namtumia kwa boda. Sina stoki hata moja. Mwaka wa kwanza tangazo langu lilisema "siku 7 hadi 14", kwa sababu ajenti wangu wa mizigo alitangaza siku 7 nami nikaongeza wiki moja ya tahadhari.

Mama mmoja wa Umoja akaagiza kibao cha kuzungushia keki. Sherehe ya bintiye ilikuwa siku ya 14. Kibao kikafika siku ya 23. Siku ya sherehe alinitumia picha ya keki ikiwa imekaa juu ya sufuria iliyopinduliwa, bila neno hata moja. Nilimrudishia pesa zote, na kibao kilipofika nikampelekea hivyo hivyo.

Baadaye nikakaa na daftari. Muuzaji wa kule alikaa na oda siku 4 kabla ya kuitoa. Lori hadi godauni la ajenti Guangzhou, siku 3. Hapo mzigo ukasubiri siku 6 mingine ijae ndipo ipande ndege. Ndege na kubadilisha ndege njiani, siku 2. Forodha pale JKIA, siku 5. Kupanga na kupima uzani kwa ajenti wa hapa, siku 2, halafu boda siku 1. Zile siku 7 za ajenti ni ndege na forodha peke yake! Hakudanganya, ila saa yake inaanza ndege inapoondoka, na ya mteja inaanza M-Pesa inapoingia.

Sasa tangazo langu, mstari wa kwanza chini ya bei, linasema: "Bidhaa hii haiko Nairobi. Inaagizwa Uchina ukishalipa. Hesabu siku 18 hadi 28 tangu siku ya malipo. Kama una sherehe kabla ya hapo, tafadhali usiagize." Wenzangu mnaandikaje?

Kevo wa Mizigo
Mimi nafanya kazi godauni la ajenti. Dada amehesabu sawasawa. Ongeza jambo moja: chochote chenye betri, hata mizani ndogo ya jikoni, hakipandi ndege yoyote tu. Kinatengwa kisubiri ndege inayokubali betri, kwa hiyo mteja aliyeagiza mizani na kibao siku moja anaweza kupata kibao kwanza. Mwambie kabla hajalipa. Na karibu na mwaka mpya wa Kichina, mwishoni mwa Januari au Februari, viwanda hufungwa wiki nzima na zaidi, wafanyakazi wanarudi kwao. Wakati huo badilisha tangazo, usingoje kuulizwa.

Mzee wa Luthuli
Mnajisumbua. Ukitaja Uchina mteja anakimbia. Andika tu "inapatikana kwa oda", anayetaka atauliza. Kuchelewa kote kunatoka forodha.

Dada wa Donholm
Mzee wangu, kwa heshima, forodha ilikula siku 5 kati ya 23. Na kweli wengine wanakimbia, oda zangu zilipungua mwezi ule. Lakini waliobaki hawanipigii simu saa nne usiku.

Mama Pacho
Hata mimi niliagiza wigi, nikalipa 3,500, nikapewa nambari ya kufuatilia. Wiki ya pili inaandika neno lile lile. Nimeibiwa?

Kevo wa Mizigo
Pole mama. Nambari kukaa kimya si ushahidi wa wizi. Mara nyingi muuzaji wa kule huchapisha kibandiko kabla ya kutoa mzigo, na nambari ya kule huishia mlangoni kwa godauni letu. Baada ya hapo inabaki hivyo hivyo hata wigi ikiwa angani. Mwombe aliyekuuzia picha ya mzigo uliopokelewa Guangzhou, yenye tarehe na uzani. Ajenti wengi huituma. Akikwepa kukuonyesha hata oda aliyoweka kule, hapo ndipo uwe na wasiwasi.

Dada wa Donholm
Ndiyo maana mimi natuma ujumbe mara tatu bila kuulizwa: nikishaagiza, mzigo ukiingia godauni, na ukitua. Wa katikati ndio muhimu: "Habari ya leo mama. Kibao chako kimepokelewa Guangzhou jana, picha hii hapa. Kinasubiri ndege. Kwa siku kama kumi nambari haitabadilika, usishtuke. Kikipita siku ya 28 nakurudishia pesa zako ukitaka, au unaendelea kungoja, chaguo ni lako."

Shiru wa Rongai
Hiyo ya kurudisha pesa inaniuma. Pesa nishampa muuzaji, harudishi. Mimi nachukua nusu kwanza, nusu mzigo ukifika.

Dada wa Donholm
Nilijaribu nusu. Wawili hawakuja kuchukua, sufuria za keki bado ziko kwangu chini ya kitanda. Wewe wanakuja wote?

Shiru wa Rongai
Wa Rongai wanakuja. Wa mbali, bado natafuta njia.