Kozi ya urefa wa mpira au uamuzi wa netiboli: ipi inarudisha pesa haraka? (Mombasa)

Baharia_Mtongwe
Salaam wana-jukwaa. Nataka kuanza kupuliza firimbi wikendi nipate cha ziada. Nasikia tawi la FKF la hapa Mombasa hufungua darasa la marefa wanaoanza. Kuna dada naye aniambia niende netiboli, eti waamuzi huko ni haba. Pesa ninayo ya kozi moja tu. Nianze na ipi?

Kibendera_Kulia
Umeuliza nusu, shekhe. Una miaka mingapi? Bado wacheza timu yoyote? Jumamosi na Jumapili zako ni zako kweli, au kuna mwajiri anazimiliki? Bila hayo tutakujibu hewani.

Shariff_Kibokoni
Nenda kozi moja kwa moja, usichelewe. Cheti cha CAF D ndicho mlango, ukishakipata waweza kushika timu ya vijana na wazazi wachange kila mwezi.

Kibendera_Kulia
Shariff, huyo ataka kuwa refa. CAF D ni ya makocha.

Bi_Firimbi
Mimi nitasema netiboli, na sababu si uhaba wa waamuzi tu. Mechi moja ya netiboli ina waamuzi wawili, kila mmoja na nusu yake ya uwanja pamoja na mstari mmoja wa pembeni wote. Pesa inagawanywa mara mbili, sawa kwa sawa, hata kama wewe ni mgeni. Kwenye mpira wako wa miguu anayeanza hupewa kibendera, na kibendera hulipwa chini ya refa wa kati.

Tena netiboli ni robo 4 za dakika 15, na mashindano ya shule mara nyingi hufupisha zaidi ya hapo. Kwa siku moja waweza kupuliza mechi kadhaa pale pale uwanjani bila kupanda matatu nyingine.

Kibendera_Kulia
Hapo umesema kweli nusu. Netiboli ya shule ni ya muhula wa pili, na huchezwa siku za kazi. Ikiisha, netiboli ya wikendi ni kidogo sana ukilinganisha na mpira. Hesabu ya mwaka mzima ni kitu kingine.

Baharia_Mtongwe
Samahani, kweli sikueleza. Miaka 26. Kazi ni ya shifti bandarini, kwa hiyo Jumamosi moja niko, nyingine siko. Bado nacheza beki ya kushoto kwenye ligi ya kaunti.

Kibendera_Kulia
Na hilo la mwisho ndilo ulilolificha! Huwezi kupangiwa mechi za ligi unayochezea. Ukipewa kibendera kwenye mechi ya wapinzani wenu halafu uinue kuotea dakika ya 80, hata kama umeona sawasawa, timu itaandika malalamiko na watakuwa na haki ya kuuliza. Amua kwanza kama unatundika daluga au wabaki na mashindano ya mtaani pekee.

La shifti nalo ni zito. Anayepanga marefa hutafuta mtu wa kutegemea. Ukikataa mara mbili tatu mfululizo, simu inahamia kwa mwingine na hutaona barua ya kukufukuza.

Sasa pesa. Tuseme waandaaji wametenga shilingi 2,000 kwa mechi, refa wa kati achukue 1,000 na vibendera 500 kila mmoja. Wewe wa Mtongwe ukipangiwa Bomu, utavuka feri, upande matatu hadi Changamwe, labda na bodaboda mwisho, halafu urudi. Nauli ikila 250, umebaki na 250 kwa nusu siku nzima, na hujanunua maji. Kwa hiyo usiulize mechi inalipa ngapi. Uliza nauli ni juu ya nani, na kama kuna mechi mbili uwanja huo huo siku hiyo.

Mzee_wa_Bomu
Nami niongeze la pili la kuuliza: inalipwa saa ngapi. Kuna nusu fainali moja ya kombe la mtaani, jina naliacha, inafaa kila anayeanza aijue.

Refa aliambiwa "utalipwa baada ya fainali". Akakubali. Alipofika hakuna vibendera, akapewa vijana wawili wa timu mwenyeji washike leso. Mechi 1-1, zimebaki dakika chache. Mshambuliaji wa wageni anapita katikati, mbele yake amebaki kipa peke yake. Beki anamshika jezi mita mbili hivi nje ya kumi na nane, hamwachii, wanaingia wote ndani, jamaa anaanguka ndani. Refa yuko karibu na duara la kati, amechoka. Anapuliza, anaweka mpira nje pale jezi iliposhikwa mwanzo, anampa beki kadi ya manjano.

Makosa mawili kwa firimbi moja. Sheria ya 12 inasema ushikaji ukianzia nje na kuendelea ndani ya eneo la hatari, ni penalti. Na kadi ilikuwa nyekundu, kwa sababu beki alinyima nafasi ya wazi ya bao kwa kuvuta jezi. Ile nafuu ya kushuka hadi manjano ndani ya eneo ni ya beki aliyekuwa anawania mpira, au walau akipambana kuufikia. Kuvuta jezi si kuwania mpira.

Wageni wakaingia uwanjani, mashabiki nyuma yao, mechi ikavunjika. Waandaaji wakamwambia refa ameharibu mashindano, na kwa kuwa pesa ilikuwa bado mkononi mwao, wakamkata nusu. Angalikuwa ameshalipwa kabla ya kurusha sarafu, wangeweza kulalamika tu.

Kapteni_Mikindani
Lakini mzee, kwa mbali vile angaliona vipi jezi imeachiwa wapi?

Mzee_wa_Bomu
Ndiyo hoja yangu. Hakuwa mjinga wa sheria, alikuwa mbali. Ndiyo maana kozi inakukimbiza.

Kibendera_Kulia
Na hapo ndipo wengi huanguka, Baharia, kwa hiyo anza mazoezi kabla ya kulipa. Jaribio la FIFA kwa wanaume ni sehemu mbili. Kwanza mbio 6 za mita 40, kila moja ndani ya sekunde 6, ukipumzika dakika moja katikati. Kisha mita 75 kwa sekunde 15, unatembea mita 25, mara 40, yaani mizunguko 10 ya njia ya mita 400. Marefa wa kimataifa wana sekunde 18 za kutembea, madaraja ya chini huongezewa. Kwenye kozi ya chini utaambiwa muda wenu siku hiyo, lakini umbo ni hilo hilo.

Uwanja wa mita 100 wakutosha: pima 75, weka koni, malizia 25 kwa kutembea, geuka. Kosa la wachezaji ni kukimbia ile 75 kwa sekunde 12 na kusimama wakisubiri firimbi. Ukifika ya 20 miguu imekwisha. Fika kwenye sekunde ya 14, basi. Beki wa kushoto kama wewe mbio unazo, utakachokosa ni subira.

Kapteni_Mikindani
Sheria nazo si nyingi, 17 tu. Jifunze kuotea, jifunze kipa asishike mpira zaidi ya sekunde 6, akizidisha ni faulo isiyopigwa moja kwa moja golini. Hizo ndizo zinazoulizwa.

Kibendera_Kulia
Kapteni, hiyo ya kipa ni ya zamani. Tangu Julai 2025 ni sekunde 8, na adhabu ni kona. Refa anahesabu sekunde 5 za mwisho mkono ukiwa juu ili kipa aone. Anayeanza apakue kitabu kipya bure kwenye theifab.com, asitegemee alivyozoea akicheza.

Kapteni_Mikindani
Kwa kombe la mtaani hakuna mtu ajua hayo. Ukitoa kona kwa kipa kushika mpira, watasema umehongwa.

Mzee_wa_Bomu
Waite manahodha kabla ya mechi uwaambie. Sentensi moja.

Kapteni_Mikindani
Manahodha wataelewa. Wale walio juu ya ukuta je?

Bi_Firimbi
Mmemwacha ndugu yetu. Baharia, ukija netiboli hutakimbizwa kwa mtindo huo, ila usidhani ni rahisi. Marefa wa mpira wakija kwetu huharibu mahali pawili.

Kwanza ni umbali. Mlinzi lazima awe mita 0.9 kutoka kwa mwenye mpira, na haipimwi mikono. Hupimwa kutoka mguu aliotua nao mwenye mpira hadi mguu wa mlinzi ulio karibu. Mtu wa mpira hutazama mikono, akiona imeinuliwa usoni anapuliza. Mikono iinuliwe itakavyo, kama miguu iko mbali sawasawa hakuna kosa la umbali. Tazama chini kwanza, halafu juu.

Pili ni adhabu. Aliyekosa kwa kugusana au kuzuia anasimama pembeni ya mpigaji, hasogei wala hasemi kitu cha kumsumbua, hadi mpira utoke mkononi. Mgeni hupuliza, akageuka kufuata mpira, na yule mlinzi karudi kazini zamani. Ndani ya duara la kufungia, mfungaji akipewa penalti achague kupasi au kutupa golini. Lakini kama ni pasi huru, mathalani kwa kukanyaga vibaya au kukaa na mpira zaidi ya sekunde 3, hawezi kutupa. Ukimruhusu na ikaingia, umefunga wewe.

Na kabla ya kuanza, kagua kucha. Ziwe fupi. Wikendi ya harusi utapata wasichana wawili watatu wamebandika kucha ndefu, na hapo usilegee hata wakilia, kwa sababu ni macho ya mwenzake yatakayochanwa.

Shariff_Kibokoni
Mwanamume akipuliza netiboli mashabiki hawamcheki?

Bi_Firimbi
Wanaume wanapuliza siku zote. Wanaochekwa ni wasiojua sheria.

Baharia_Mtongwe
Shukran. Kucheza sitaki kuacha msimu huu. Kwa hivyo netiboli ya shule siku nilizo na shifti ya usiku, halafu mpira mwakani?

Kibendera_Kulia
Utapuliza mchana kutwa juani ukitoka shifti ya usiku? Jaribu siku moja kwanza bila kulipa kozi, uombe kushika saa au kuandika mabao.

Bi_Firimbi
Wengine wanaweza. Na meza ya mabao ni mahali pazuri pa kujifunzia, usiidharau.

Mzee_wa_Bomu
Kuna pia makombe ya Ramadhani baada ya tarawehe. Nje ya ligi yake, na ni usiku.

Kibendera_Kulia
Usiku kwa taa za kukodi, mzee, na upande mmoja una giza. Umesahau ya kushikwa jezi?

Kapteni_Mikindani
Kabla hamjaendelea: firimbi gani anunue? Ile yenye kokwa ndani ikiingia mchanga inakwama.

Kibendera_Kulia
Fox 40, haina kokwa. Na awe na ya pili mfukoni.

Shariff_Kibokoni
Za bandia ziko tele mjini, sauti kama ya kifaranga. Aipulize dukani kwanza.

Kapteni_Mikindani
Duka gani litakuruhusu utie mdomoni halafu urudishe?