Tupeane uzoefu: kuchaji simu za watu kwa paneli ya jua

Mama wa Ndosho (Goma)

Jambo zenu wote. Ninaomba tupeane uzoefu wa kazi hii ya kuchaji simu za watu kwa malipo, hasa sisi ambao umeme haufiki kwenye mtaa au unafika siku unazotaka wenyewe. Nianze na yangu, ambayo haikuisha vizuri.

Nilifungua kibanda kando ya nyumba yangu nikiwa na paneli moja ya wati 100, betri ya gari ya ampea 100 niliyoinunua mpya, regulata, na konvetisa ya wati 500, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ambamo nilichomeka vipanuzi viwili vya umeme. Bei yangu ni faranga 500 kwa simu kubwa na 300 kwa simu ndogo za vitufe. Kwa siku ya kawaida nilikuwa ninapokea simu 15 hivi, na konvetisa ikianza kulia nilijua kwamba betri imechoka, ninafunga mpaka kesho yake. Mwishoni mwa Januari 2025, umeme ulipokatika mji mzima, watu walinijia mpaka kutoka Katindo. Nilichaji simu 25, siku nyingine 30, nikiwasha mpaka usiku. Baada ya majuma machache betri ikawa inajaa saa nne asubuhi na kuisha kabla ya adhuhuri. Haikutimiza hata miezi 5. Je, niliuziwa betri mbovu, au kosa ni langu?

Kijana wa Ruashi

Mama, tatizo ni mwelekeo wa paneli. Hapa Lubumbashi mimi niliilaza tu juu ya mabati nikapata shida, mpaka fundi aliponiambia niielekeze kaskazini na kuiinamisha kidogo. Tangu siku hiyo hali ilibadilika kabisa, hasa mwezi wa sita na wa saba jua linapokuwa upande ule. Elekeza kaskazini na utaona tofauti.

Fundi wa Kadutu (Bukavu)

Ndugu wa Ruashi anasema kweli kwa Lubumbashi, kwa sababu wao wako mbali kusini ya ikweta. Goma iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua hupita karibu juu ya kichwa mwaka mzima, likielemea upande huu au ule. Huko inatosha kuiinamisha paneli kidogo, ili mvua iteremke na lile vumbi jeusi la barabarani, ambalo watu wa Goma mnalijua kuliko mimi.

Mama, sidhani kwamba uliuziwa betri mbovu, ingawa uliuziwa betri ya kazi nyingine. Betri ya gari imetengenezwa kwa ajili ya kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha injini inairudishia papo hapo. Ukiimaliza kila jioni, inakufa mapema. Lakini hata betri nzuri ya sola ingekufa kwa jinsi ulivyofanya, na ninaomba nikuonyeshe kwa hesabu.

Tuseme paneli yako ni ya wati 100 za kweli. Siku nzuri ya Goma, ukijumlisha asubuhi, mawingu na jioni, inakupa kama saa 4 za jua kali, yaani wati-saa 400. Ondoa joto, vumbi, nyaya na ile ambayo betri yenyewe inaila wakati wa kuchajiwa, unabaki na kama 280. Hizo ndizo mshahara wako wa siku. Simu kubwa ya siku hizi, ikija na asilimia 20 na kuondoka imejaa, inakula kama 20 ukiichaji moja kwa moja kutoka volti 12. Ukipitisha kwenye konvetisa inakuwa 24 au zaidi, na konvetisa yenyewe, hata bila simu yoyote, inakula kama wati-saa 8 kila saa inapowaka. Kwa saa 10 za kazi hiyo ni 80 iliyopotea kabla mteja wa kwanza hajafika. Kwa hiyo kwa konvetisa unachaji simu kubwa 8 hivi, na bila konvetisa unachaji 14. Wewe ulikuwa unapokea 15 na baadaye 25. Pengo lilitoka ndani ya betri, na betri haikupata siku hata moja ya kujaa tena.

Jambo la pili ni ule mlio uliouamini. Konvetisa nyingi hulia na kujizima betri ikiwa karibu na volti 10.5. Imewekwa hivyo ili kujilinda yenyewe, haikuwekwa ili kuilinda betri yako. Betri ya risasi inapumzika kwenye volti 12.7 ikiwa imejaa, na ikifika 12.2 imebaki nusu. Kwenye nusu hapo ndipo unapopaswa kusimama. Ikilala tupu, ule unga mweupe unaojijenga kwenye sahani za ndani unakuwa mgumu, na siku nyingine sehemu ile haipokei tena umeme. Ndiyo maana betri yako ilikuwa "inajaa" saa nne asubuhi: haikujaa, nafasi ya kuweka umeme ndiyo iliyokuwa imepungua.

Kabla hatujaendelea, ninakuomba upime paneli yako kwa futi, urefu na upana, uniandikie.

Mteja wa Majengo

Mimi si mchajishaji, mimi ni yule anayeacha simu. Ninaomba wenye vibanda mtusaidie jambo moja: mnatupa kikaratasi chenye namba, lakini simu yenyewe haina namba. Mwaka jana niliacha simu nyeusi nikarudishiwa simu nyeusi nyingine ya aina ileile, nikafika nyumbani ndipo nikaona picha za watoto nisiowajua. Tuliipata yangu baada ya siku 2, na mwenye kibanda aliniambia kwamba mimi ndiye niliyekosea. Bandikeni skochi mgongoni mwa simu, mwandike namba ileile, na kama kioo kina ufa muuandike kwenye daftari mbele yetu kabla ya kuichomeka.

Mama wa Ndosho (Goma)

Aksanti Papa Fundi, na pole ndugu wa Majengo. Kwangu ninaandika namba kwa skochi, lakini ufa wa kioo sikuwahi kuuandika, na nimeshalipa kioo kimoja ambacho nina hakika kilikuja kimepasuka.

Nimepima paneli. Urefu ni sentimeta 67 na upana ni 54. Nyuma kuna karatasi imeandikwa wati 100.

Fundi wa Kadutu (Bukavu)

Mama, karatasi inasema uongo. Jua kali kabisa linaleta kama wati 1000 kwenye mita moja ya mraba, na paneli za kawaida zinageuza karibu moja ya sita ya hizo kuwa umeme, au moja ya tano zikiwa nzuri. Paneli yako ina theluthi moja ya mita ya mraba na nafasi kidogo. Haiwezi kuzidi wati 60 au 70 hivi, hata ikiwa mpya. Ya wati 100 za kweli ingekuwa na urefu wa karibu mita moja kwa upana wa sentimeta 60 na kitu, au ingekuwa nyembamba zaidi na ndefu zaidi.

Ukitaka kuhakikisha, azima multimeta. Saa sita mchana, jua likiwa wazi, ondoa nyaya za paneli kwenye regulata, weka multimeta kwenye ampea kwa tundu la 10A, ugusishe ncha zake mbili na nyaya mbili za paneli. Paneli ya aina hii ya wati 100 ingeonyesha karibu ampea 6. Usifanye hivyo kwenye betri hata siku moja, utaunguza multimeta na mkono.

Mwalimu wa Bagira

Mimi ninafanya tofauti, sijui kama ninakosea. Umeme kwetu unafika usiku wa manane, siku nyingine saa 3 au 4 tu. Nimenunua chaja ya betri ya ampea 10, ninaijaza betri usiku, na paneli inaongezea mchana. Kwa hesabu ya Papa Fundi, saa 4 za usiku zinaniletea kushinda paneli ya wati 60 kwa siku nzima. Je, kwa nini tununue paneli kubwa badala ya chaja?

Fundi wa Kadutu (Bukavu)

Mwalimu, hukosei, mradi umeme ufike. Juma ambalo haufiki ndilo juma ambalo wateja wanakujaa, na hapo ndipo paneli ndogo inapokuangusha. Pia mtu asiache chaja ikiwa imechomekwa wakati umeme unarudi na volti za ajabu. Mimi nimeona chaja mbili zilizoungua kwa namna hiyo, na sina dawa ya uhakika zaidi ya kuchomoa.

Mama wa Ndosho (Goma)

Nimerudi baada ya mwezi na nusu. Multimeta ilionyesha ampea 3.4 saa sita mchana, kwa hiyo nilikuwa ninafanya kazi na paneli ya wati 60 nikiamini ni 100. Muuzaji amekataa kunisikiliza. Nimenunua paneli nyingine, safari hii nikiwa na futi mkononi, na betri ya sola ya ampea 100. Konvetisa nimeifungia kabatini. Simu ninazichaji kwa chaja za gari zenye matundu ya USB, nimezifunga kwenye waya wa volti 12 unaopita kwenye fyuzi iliyo karibu na betri.

Kila asubuhi saa kumi na mbili, jua halijagusa paneli na hakuna simu iliyochomekwa, ninapima betri na kuandika kwenye daftari. Ikiwa 12.5 ninapokea wateja wote. Ikiwa 12.3 ninapokea simu kubwa 6 tu. Ikiwa 12.2 sifungui mpaka jua liwake. Nimegundua jambo ambalo hakuna aliyelitaja: simu ya vitufe inakula kama wati-saa 6, nami ninapata faranga 300, simu kubwa inakula 20, nami ninapata 500. Kwa umeme wa simu moja kubwa ninachaji ndogo tatu na kupata 900. Kwa hiyo siku za mawingu ndogo ndizo zinazotangulia, na vijana wenye simu kubwa wananinunia.

Juzi mvua ilinyesha siku 3 mfululizo. Asubuhi ya nne nilisoma 12.2, na mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni na simu ya mumewe aliye safarini Butembo. Nilimchajia dakika 40 nikaiondoa, kisha nikamrudishia nusu ya pesa. Jirani yangu mwenye kibanda cha pili alimchajia iliyobaki kwa konvetisa yake, ambayo nilikuwa ninaisikia ikilia kutoka kwangu.

Kijana wa Ruashi

Mama, na yule jirani umemwambia?

Mama wa Ndosho (Goma)

Nimemwambia. Anasema betri yake bado ni mpya, ina miezi 3.