Wamenipandishia bei ya apu kwa asilimia 60, eti nilikubali. Nilikubali lini?

Mpigapicha_Mbuyuni (Moshi)

Wakuu, leo nina hasira, mnisamehe.

Nina kistudio hapa Mbuyuni. Picha za pasipoti, picha za kipaimara, video za harusi. Kuna apu ya kuhariri video nailipia kila mwezi kupitia Play Store, inakatwa kwenye kadi ya mtandaoni niliyoitengeneza kwenye pesa za simu. Shilingi 18,500. Mwaka na nusu sijawahi kulalamika.

Tarehe 14 mwezi huu nimekatwa 29,900. Nikadhani ni kosa. Nikawaandikia wenye apu, wakanijibu kwa mistari mitatu: bei imebadilika, ulitaarifiwa, na ulikubali bei mpya. Hiyo ya mwisho ndiyo imenichoma. Nilikubali wapi? Sijasaini kitu, sijapigiwa simu, sijaona meseji hata moja. Tofauti ni 11,400 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 136,800, hiyo kwangu ni kodi ya fremu.

Huu ni wizi au mimi ndiye mshamba? Anayejua haya mambo anieleweshe, na kama kuna namna ya kukataa aniambie.

---

Mama_Rau

Pole baba. Hata huku bando zimepanda, nilikuwa najiunga ya wiki kwa bei nyingine kabisa. Hawa watu wa mitandao wamezidi. TCRA wapo wapi?

---

Mzee_wa_Pasua

Mama Rau, yeye hajazungumzia bando. Bando unanunua mwenyewe ukiona bei haikufai unaacha. Yeye anachomolewa akiwa amelala.

Mpigapicha, dawa yake ni rahisi. Usiweke hela kwenye hiyo kadi. Wakija kukata wanakuta tupu, wanaondoka. Mimi king'amuzi changu naenda hivyo hivyo, nisipolipia kinazima, hakuna anayenidai.

---

Kijana_wa_Njiro

Mzee wangu shikamoo, lakini hapo umempa nusu ya dawa. King'amuzi unalipia kwanza ndiyo unatazama, usipolipia habari imeisha. Usajili wa Play Store unajirudia wenyewe. Wakikuta kadi tupu hawaondoki, wanausimamisha usajili wako na kuendelea kujaribu kwa wiki kadhaa. Siku mteja wa harusi anakutumia laki moja, ukahamishia kidogo kwenye ile kadi ili ulipie kitu kingine, wanakula 29,900 yao palepale. Kadi tupu siyo kukataa bei.

Mpigapicha, mimi natengeneza apu, upande ule wa pili naujua kidogo. Mwenye apu akipandisha bei kwa wateja wa zamani, kwa kawaida hawezi kukukata bei mpya mpaka wewe mwenyewe ukubali. Play Store inakuandikia kuanzia kama siku 30 kabla ya makato ya kwanza ya bei mpya. Ukikaa kimya bila kukubali, hawakupandishii: usajili unajifuta siku ambayo ungeanza kulipa bei mpya. Kwa hiyo kama umekatwa 29,900, kuna kidole kiligusa mahali.

Kabla hujanirushia mawe, fanya kitu kimoja. Fungua Gmail ile iliyofungua Play Store. Siyo unayotumia na wateja, ile iliyomo kwenye simu yenyewe. Andika hivi kwenye sehemu ya kutafuta:

```
from:googleplay-noreply@google.com price
```

Utuambie umekuta nini.

---

Mpigapicha_Mbuyuni

Wakuu nimeikuta. Ya tarehe 12 Mei. Iko kwenye Gmail niliyofunguliwa na fundi simu pale karibu na stendi siku nanunua simu, sijawahi kuifungua hata siku moja. Imekaa katikati ya risiti za kila mwezi na matangazo. Kichwa chake ni cha Kiingereza, ina bei ya zamani, bei mpya, na tarehe 14 Juni.

Lakini bado sikukubali! Kuikuta barua leo siyo kukubali.

---

Kijana_wa_Njiro

Ni kweli, barua peke yake haitoshi. Ila taarifa haiji kwa barua tu. Inakuja pia juu ya skrini kama taarifa za kawaida, na apu yenyewe inaweza kukuonyesha kijisehemu chini ya skrini, "bei inabadilika, pitia". Ukigusa, linakuja dirisha la Play lenye bei mpya na kitufe cha kukubali. Simu ya studio anaishika nani mwingine?

---

Mpigapicha_Mbuyuni

Nimemuuliza kijana wangu wa kazi. Jibu lake, namnukuu: "Kaka, kulikuwa na kitu kinazuia video isitoke, nikabonyeza kikaondoka."

Nimekaa chini.

---

Mzee_wa_Pasua

Hahaha. Sasa kijana kakubali, wewe unalipa. Hii ni haki kweli? Simu siyo yake, kadi siyo yake. Mahakamani angesema nani kasaini?

---

Kijana_wa_Njiro

Mzee, hilo swali lako ni zuri na mimi sina jibu lake la kisheria. Kwa mfumo, akaunti imekubali, basi. Kukatwa hela za kununua kitu unaweza kuweka nywila, lakini kwa nilivyoona, watu wengi simu za ofisini wameacha wazi ili kazi iende.

---

Dada_Sakina (Arusha)

Mimi natumia aifoni na sikuwahi kubonyeza chochote, lakini apu yangu ya mazoezi ilipanda na nikakatwa. Kwa hiyo hiyo habari ya "lazima ukubali" siyo kweli kwa wote, tusidanganyane.

---

Kijana_wa_Njiro

Dada uko sahihi, na nimekosea kutotenganisha. Kwa Apple, tangu 2022, mwenye apu anaweza kupandisha bila kukuomba kibali kama ongezeko ni dogo: lisizidi asilimia 50 ya bei, lisizidi dola 5 hivi (kwa ya mwaka dola 50), na iwe mara moja tu kwa mwaka, tena pale sheria ya nchi inaporuhusu. Unatumiwa taarifa, ukinyamaza inapita. Ikizidi hapo ndipo kimya chako kinakuwa kukataa. Hii ya Mpigapicha ni zaidi ya asilimia 60, hata kwenye aifoni wangelazimika kumuomba.

Na kwenye Play pia zipo nchi ambazo mwenye apu anaruhusiwa kutaarifu tu. Ndiyo maana nasisitiza, usiangalie bei tu kwenye ile barua. Tafuta sentensi moja inayosema nini kitatokea usipofanya kitu. Ikisema usajili utafutwa usipokubali, unaweza kulala. Ikisema utaanza kutozwa bei mpya usipoghairi, una kazi ya kufanya kabla ya ile tarehe.

---

Mpandisha_Wageni (Arusha)

Mimi ni mwongoza wageni wa milimani, wa Meru na Kilimanjaro. Ramani zangu nalipia kwa mwaka, lakini sikupitia Play, niliingia kwenye tovuti yao nikaandika namba ya kadi. Mwaka jana walituma barua moja tu, aya ya nne ndani ya habari za "tumekuletea mambo mapya", kwamba bei inapanda siku ya kujirudia. Niko porini siku saba, nimeshuka, wameshakata mwaka mzima. Niliwauliza kibali changu kiko wapi, wakanionyesha masharti: ukiendelea kutumia umekubali.

---

Kijana_wa_Njiro

Huo ndio mlango mbaya kuliko yote. Ukilipia moja kwa moja kwa kampuni, Play wala Apple hawapo katikati. Hakuna kitufe cha kukubali, na kufuta kwenye Play Store hakutakusaidia kwa sababu usajili wako hauko huko. Kukataa ni kuingia kwenye akaunti yako kwenye tovuti yao na kughairi kabla ya siku ya kujirudia, basi, halafu piga picha ya skrini inayoonyesha umeghairi. Kama usajili ni wa mwaka, weka ukumbusho kwenye simu wiki mbili kabla. Tena kwa mtu wa milimani, weka mwezi.

Kujua umelipia mlango gani, angalia ujumbe wa makato ya kadi. Ukianza na neno GOOGLE, ni Play. Ukiwa na jina la kampuni tupu, ni moja kwa moja.

---

Mama_Rau

Mwanangu, mimi nimetumiwa meseji ya "bei ya huduma yako inapanda, bonyeza hapa kukataa". Nibonyeze?

---

Kijana_wa_Njiro

Usibonyeze mama! Bei ya Play haikataliwi kwa linki ya meseji. Fungua Play Store mwenyewe, gusa picha yako juu kulia, ingia `Payments & subscriptions`, halafu `Subscriptions`. Kama kuna bei inabadilika utaiona pale pale kwenye jina la apu. Kama haipo hapo, na hujawahi kulipia kitu kwa kadi, meseji hiyo ni ya matapeli. Kuifuta apu kwenye simu nako hakufuti usajili, hilo watu wengi wanalikosea.

Mpigapicha, wewe ingia hapo hapo, gusa apu, `Cancel subscription`. Mwezi uliokwishalipia unabaki wako mpaka tarehe 14 Julai. Ila fahamu kwamba muda ukiisha kisha ukataka kurudi, utarudi kwa 29,900, ile 18,500 imekwenda. Umekatwa lini hasa, saa ngapi?

---

Mpigapicha_Mbuyuni

Tarehe 14 saa 4 usiku. Leo ni 16, saa hizi ni saa 2 usiku.

---

Kijana_wa_Njiro

Acha kuandika hapa! Ombi la kurudishiwa hela kwa Play linakuwa na nguvu ndani ya saa 48. Umebakiza saa mbili. Ingia play.google.com kwa ile Gmail ya fundi simu, historia ya manunuzi, omba marejesho, eleza kwamba aliyekubali siyo mwenye akaunti. Siyo haki yako kwamba lazima warudishe, lakini baada ya hapo watakuambia umalizane na wenye apu, na hao umeshaona majibu yao.

---

Mzee_wa_Pasua

Na wasiporudisha aende FCC. Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji.

---

Kijana_wa_Njiro

Aende, sipingi. Ila kampuni haina hata ofisi hapa nchini, na ushahidi wao ni kile kidole.

---

Mpigapicha_Mbuyuni

Nimejaza saa 3 na dakika 10. Limekuja jibu la kwamba wamepokea, wanaangalia. Usajili nimeughairi, imeandikwa utaisha 14 Julai. Gmail nimeibadilishia nywila na nimeiweka iingie kwenye simu yangu mwenyewe, ya studio nimeweka alama ya kidole.

Kijana bado nipo naye. Nimemwambia kikitokea kitu kinazuia video, aniite. Ameniuliza, "Hata kama mteja amesimama hapo anasubiri?" Hapo sijamjibu bado. Harusi ya Jumamosi naihariri humohumo, mwezi huu nimeshaulipia.