Tupeane uzoefu: kamera ndogo inaandika "Lens error" na lenzi imegoma kurudi ndani

Mzee wa Feri
Wakuu, habari za jioni. Nina kamera ndogo ya mfukoni, ile ya betri mbili za AA. Tangu tuitumie ufukweni Kigamboni juzi imegoma. Nikiiwasha, lenzi inatoka nusu, inakwaruza krrr krrr, kisha kioo kinaandika "Lens error, restart camera" na inajizima lenzi ikiwa nje. Fundi anasema lenzi nzima ibadilishwe, na bei aliyotaja inashinda ya kamera. Aliyewahi kukutana na hili alifanyaje?

Kidume Tanga
Betri hiyo, mkuu. Yangu ilikuwa hivyohivyo, nikaweka mpya, kesi ikaisha. Hayo mambo ya mchanga watu wanajitisha bure.

Bi Studio
Betri ni ya kwanza kuangalia, Kidume hajakosea, ila sauti ya Mzee inasema jingine. Mimi husikiliza kabla ya kugusa. Umeme ukiwa mdogo, lenzi hutoka kwa uvivu na kusimama bila mkwaruzo. Mota yake hunyonya umeme mwingi kwa mkupuo, ndiyo maana zile betri za bei rahisi za redio huwasha kioo vizuri kabisa, halafu lenzi ikianza kusogea nguvu inaanguka na kamera inadhani imekwama. Weka alkalaini mpya, au za kuchaji zilizojaa. Angalia na vibati vya chemba ya betri: ukiona unga mweupe, betri zilivuja. Lowesha pamba ya masikio kwa siki kidogo, sugua, pangusa kwa spiriti, acha pakauke kabisa.

Mkwaruzo unaotokea palepale kila mara, hasa baada ya ufukweni, huo ni mchanga kati ya pete za lenzi. Toa betri. Shika kamera lenzi ikitazama chini, upulize kwenye mwanya wa kila pete kwa kile kipulizio cha mpira, kuzunguka kote. Usipulize kwa mdomo, mate yataingia. Kisha chukua ukanda wa karatasi ngumu kidogo, uchomeke kwenye mwanya milimita chache tu, uzungushe taratibu. Utaona chembe zinadondoka. Rudisha betri, uwashe lenzi ikiwa bado inatazama chini.

Mtoto wa Kariakoo
Si bora aizungushe tu kwa mkono? Au tone la mafuta ya cherehani. Mchele nao unasaidia.

Bi Studio
Mdogo wangu, ukiizungusha kwa mkono unavunja vile vipini vya plastiki vinavyotembea kwenye mifereji yake, hapo ndipo fundi atakuwa na haki ya kusema ibadilishwe. Mafuta yanashika mchanga na kutambaa hadi kwenye vioo. Mchele unaongeza vumbi tu. Na asiifungue: kapasita ya flashi inaweza kubaki na volti kama 300 hata betri zikiwa nje. Ilishanipiga, mkono ukafa ganzi hadi kwenye kiwiko.

Dada Vito
Yangu haikwaruzi ila haifokasi. Napiga pete na hereni za kuuza, zote zinatoka ukungu. Nayo ni mchanga?

Bi Studio
Hapana, dada. Unasogea karibu mno. Weka alama ya ua, usivute zumu hata kidogo, na ufute kioo cha mbele kwa kitambaa laini. Jaribu kwanza kitu cha mbali. Kikifokasi, kamera haina ugonjwa.

Kamanda wa Harusi
Mimi nina ile kubwa ya kubadilisha lenzi, iliniandikia "Err 01" bwana harusi akiwa mlangoni. Nilizima, nikatoa lenzi, nikafuta vile vidoti vya dhahabu kwa kitambaa kikavu, ikakubali. Msisugue kwa msasa jamani, ile dhahabu ni utando tu.

Mzee wa Feri
Nimerudi. Betri mpya hazikubadilisha kitu. Kwa karatasi zilitoka chembe tatu nne, moja nyeusi kubwa kama mbegu ya ufuta, ilikuwa upande wa chini wa pete ya kati. Sasa lenzi inatoka na kurudi, ila nikivuta zumu mpaka mwisho bado inagugumia kidogo.

Bi Studio
Huenda kuna chembe imeshafika kwenye giya, na huko karatasi haifiki. Itumie bila zumu, hamisha picha zako mapema. Ikigoma tena, kwa kamera nyingi unashikilia kitufe chenye pembetatu, inafungua picha bila kusogeza lenzi.

Kidume Tanga
Sawa mama, nimekubali. Na iliyoanguka, pete ya mbele ikainama upande mmoja? Kuna mtu aliwahi kuinyoosha ikadumu?