Biltongi au jerki kwa safari ya mlimani?

Mpanda_Machame: Wakuu, nataka kukausha nyama ya kutafuna nikipanda mlima. Kuna biltongi ya Wasauzi na jerki ya Wamarekani. Ipi inadumu? Hela inatosha kikaushio cha umeme au boksi la balbu na feni, si vyote.

Bucha_Mbauda: Kilo ngapi? Mwezi gani? Uko Arusha au Moshi? Mkuu umeuliza nusu.

Mama_Kibosho: Usiguse biltongi! Aprili iliyopita nilikata minofu minene kama vidole viwili, nikaipaka siki, chumvi na giligilani ya kukaanga, nikatundika jikoni. Mvua haikatiki, nyama haikauki. Nikaisogezea balbu kubwa karibu kabisa. Siku ya pili imekakamaa kama ngozi ya ngoma, nikafurahi, nikafunga kwenye mifuko ya nailoni. Baada ya siku nne mwanangu anafungua, harufu! Nikapasua kipande: katikati mbichi, inateleza. Kilo tatu nzima nikafukia shambani.

Mzee_wa_Ndoano: Pole mama. Joto ndilo lililokuponza. Nje ilijifunga, maji ya ndani yakakosa pa kutokea, halafu nailoni ikamalizia. Biltongi inataka upepo. Balbu ni ya kuipasha hewa kidogo tu, kazi hasa ni ya feni, siku nne hadi saba. Usiamini kidole, amini mzani: kipande cha gramu 400 kikibaki 200, kishushe, ukikate katikati uangalie.

Kijana_Njiro: Siki ndiyo inaua kila kitu. Ongeza siki, hata isipokauka sana haiozi.

Mzee_wa_Ndoano: Siki inasaidia juu juu, kijana. Kinachoilinda ni chumvi, gramu 20 hadi 25 kwa kilo, pamoja na ukavu.

Abiria_wa_Moyale: Nyirinyiri je? Unakausha, unakaanga, unahifadhi ndani ya mafuta yake. Bibi yangu hakuwa na feni.

Bucha_Mbauda: Ndugu, huyu anapanda mlima, abebe ndoo ya mafuta?

Mpanda_Machame: Samahani wakuu. Niko Sakina, napanda Julai, siku saba, kilo mbili za nyama mbichi.

Mzee_wa_Ndoano: Basi jerki itakaa zaidi, kwa kuwa ni nyembamba na kavu zaidi. Kata milimita tano, toa mafuta yote maana hayakauki, yanachacha. Iloweke usiku kucha kwenye sosi ya soya, sukari kidogo na pilipili manga. Ipitishe kwanza kwenye oveni mpaka ndani ifike nyuzi 71, ndipo uikaushe kwenye nyuzi 60 na kitu. Ikikunjwa ipasuke bila kukatika, imeiva. Ila mimi kwa ulimi wangu ni biltongi tu, na Julai ya Arusha si Aprili ya Moshi. Iweke kwenye mfuko wa karatasi.

Kijana_Njiro: Jerki ya sukari ni pipi ya nyama.

Mpanda_Machame: Na umeme ukikatika katikati ya kukausha?

Mama_Kibosho: Hapo ndipo nami nasubiri jibu. Jiko la mkaa linafaa?