Darubini ya macho mawili au teleskopu ndogo kwa anayeanza? (Lubumbashi)

MwanaKatuba
Jambo yenu. Nina dola 150, na kijana wangu kila usiku ananiuliza habari za nyota. Duka moja mjini lina darubini ya macho mawili ya 10x50, yaani inakuza mara 10 na lenzi zake ni za milimita 50, na teleskopu ya kioo cha milimita 76, fokasi 700, kwenye stendi yenye mkono na uzito wa chuma. Boksi linasema inakuza mara 525. Nichukue ipi?

Lenzi_Safi
Chukua 76, usiulize mara mbili. Kazi yote ni upana wa kioo. Ukilinganisha 76 na 50, unapata mwanga zaidi ya mara mbili. Mengine ni mapambo.

YayaRuashi
Mimi nina jumeli ndogo ya 8x21 ya kwenda nayo uwanjani. Namba ya mchezaji mgongoni naisoma vizuri. Kwani hiyo haitoshi?

MzeeKipushi
Yaya, mchana inatosha. Usiku, mwanga unaopita kwenye lenzi ya 21 haufiki hata robo ya ule wa 50. Mwezi utauona, basi.

Lenzi, hesabu yako ni sahihi, ila umeiruka stendi, na hapa kwetu ndipo penye taabu. Stendi ile yenye uzito inataka mhimili wake uelekee ncha ya anga, pale nyota zote zinapoonekana kuzungukia, ndipo uweze kuifuata nyota kwa kuzungusha kitasa kimoja. Ulaya mhimili huo unainama juu, nyuzi 50 hivi. Lubumbashi tuko kwenye latitudo ya karibu nyuzi 12 kusini, kwa hiyo mhimili unalala karibu na ardhi, ukitazama kusini. Stendi nyepesi nyingine skrubu yake haishuki hadi hapo. Hata ikishuka, ukizungusha, ule uzito unagonga mguu wa stendi. Na nyota ya kaskazini wanayoitaja kwenye karatasi ya maelekezo iko chini ya upeo wetu, hutaiona.

Halafu hiyo 525: kioo cha 76 kikifika mara 150 kimechoka. Zaidi ya hapo unakuza ukungu tu.

Lenzi_Safi
Basi si ausimamishe mhimili wima, nyuzi 90? Stendi itazunguka kulia na kushoto, juu na chini, kama ya kawaida.

MzeeKipushi
Hilo ni wazo zuri, kama skrubu inafika 90. Aijaribu palepale dukani. Ajaribu na hili: aelekeze teleskopu kwenye antena ya mbali, agonge bomba kwa kidole, ahesabu. Picha ikiendelea kutetemeka zaidi ya sekunde tatu, kijana atachoka kabla ya kuona kitu. Kwa sababu dunia inazunguka, kwenye mara 100 sayari inavuka duara la kioo kwa dakika mbili hivi. Kila ukiisogeza, unangoja itulie tena.

Golf_Usiku
Mimi ndugu yangu aliniletea ya 130, isiyo na miguu: inakaa juu ya ubao unaozunguka. Pete za Zohali naziona safi. Lakini meza ya plastiki haifai hata kidogo, inacheza. Nimeiweka kwenye ukuta mfupi wa saruji. Kwa dola 150 sijui kama utaipata hapa.

MwanaKatuba
Aksanti. Na 10x50, kijana ataona nini hasa?

MzeeKipushi
Kiangazi, mwezi wa saba saa tatu usiku, kundi la nyota la Nge liko juu sana. Jilazeni kwenye mkeka, kwa sababu kusimama na shingo nyuma picha haitulii. Karibu na mkia wake kuna doa hafifu. Darubini italipasua kuwa nyota nyingi. Mkiegemeza viwiko, miezi ya Mshtarii pia mtaiona, nukta ndogo kando yake. Pete za Zohali hapana, zinataka kama mara 30.

Dukani, ishike mbali na uso, lenzi kubwa zikitazama anga jeupe. Kwenye kila tundu la jicho utaona duara la mwanga. Kwa 10x50 liwe milimita 5. Ukiona dogo sana au limekatwa pembeni, maandishi hayo yanadanganya. Kisha tazama ile antena kwa macho yote mawili. Zikionekana antena mbili, bomba zimepinda, rudisha. Ile yenye lenzi nyekundu kama kioo cha gari iache.

Lenzi_Safi
Mukubwa, yote sawa, lakini mtoto akishasikia Zohali ina pete, nukta haimtoshi. Bado nasema 76.

MwanaKatuba
Na pete ndizo anazoziulizia kila siku. Jumamosi naenda na rula, nitaanza na ile skrubu ya 90.