Katibu kanifanya mwizi kwa herufi moja

Wakuu natoka kikaoni sasa hivi damu inachemka. Yule katibu wetu, mnamjua, yule ambaye aya yake moja inaanza Januari inaisha Krismasi na nukta hana hata ya kuazima, leo kasoma muhtasari mbele ya watu 30: "Mwenyekiti alimweleza mweka hazina kuwa amechukua laki tatu bila kumtaarifu katibu na anatakiwa azirudishe." Mweka hazina ni mimi!! Aliyechukua ni mwenyekiti, kanieleza mwenyewe kwa aibu! Watu wote wakanigeukia, bibi mmoja akavuta mkoba wake karibu. Mkoba jamani! "Amechukua" NANI?

Mzee wa Kijiwe: Mweka hazina rudisha hela za watu.

Dada Kiranga: Eti mkoba 😂😂 Si angeweka tu "yeye" au "huyo", kwisha habari.

Mwalimu Mstaafu: Hapana dada. "Yeye" inawafaa wote wawili, na "huyo" vilevile maana wote wameshatajwa, labda uishike na jina, "mwenyekiti huyo". Kwenye vitu ngeli hutuokoa, kiti kikigonga meza kikavunjika tunajua kilichovunjika ni kiti. Ila watu wote wanagombania hiyo a- moja, na mbuzi naye yumo. Angeandika: "Mwenyekiti alikiri kwa mweka hazina kuwa amechukua laki tatu. Mwenyekiti anatakiwa azirudishe." Mtu hukiri la kwake, kwa hiyo kitenzi chenyewe kinambana, halafu nukta, halafu cheo kinarudi. Mimi nikisahihisha napitia kila a- naandika juu yake kwa penseli ni ya nani, nikisita tu narudisha jina.

Mleta uzi: Nimemwambia hivyohivyo akanijibu kurudia jina kunamchosha msomaji! Amchoshe! Mimi nimevutiwa mkoba!

Fundi Piki: Mwalimu hata vitu vinatutupa. Mteja kaandika "nimeweka betri kwenye pikipiki ila imekufa". Nikabeba betri mpya kilomita 12, kumbe injini ndo imekufa, yaani alimaanisha pikipiki.

Mwalimu Mstaafu: Betri na pikipiki zote ni i-, ngeli moja. Hapo ni kutaja jina tu, "ila pikipiki imekufa".

Mzee wa Kijiwe: Ukitaja jina kila mstari si inakuwa kama mashtaka ya polisi?

Mwalimu Mstaafu: Si kila mstari. Akibaki mtu mmoja kwenye aya a- inatosha. Akiingia wa pili ndo unataja.

Dada Kiranga: Afadhali nyie. Mimi wifi kaniandikia "shangazi kamfuata mama hospitali, kalazwa". Nimemlilia mama usiku kucha, asubuhi mama huyo jikoni anakaanga maandazi!

Mleta uzi: Poleni, ila bibi kavuta MKOBA, na muhtasari umeshasainiwa.

Mzee wa Kijiwe: Fundi, hiyo betri mpya bado unayo? Bei gani?